Pampu Zilizochelewa Wiki 13: Uchambuzi wa Barua ya Kumwomba Mfadhili Muda na Fedha za Nyongeza

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi, na kwa hiyo asasi, mzabuni na mfadhili hawatajwi kwa majina. Lakini mazingira yake, masharti ya mikataba yake na makosa yake ni yale ambayo mtu aliyefanya kazi katika miradi ya maji vijijini atayatambua mara moja. Asasi moja ya kiraia ilikuwa inatekeleza mradi wa visima vitatu virefu vinavyoendeshwa kwa nguvu ya jua katika vijiji vitatu vya Mkoa wa Dodoma. Mradi ulipangiwa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba 2024, kwa bajeti ya shilingi 486,000,000 kutoka kwa mfadhili mmoja. Tarehe 15 Machi asasi ilisaini mkataba na mzabuni wa kuleta seti tatu za pampu, vidhibiti vyake na paneli za sola kwa shilingi 162,000,000, vifaa vyote vifike vijijini ndani ya wiki 14, yaani ifikapo tarehe 21 Juni. Vilifika tarehe 20 Septemba.

Wiki 13 za kuchelewa ni jambo lililo wazi, na ndiyo maana rasimu ya kwanza ya barua kwa mfadhili iliandikwa haraka na kwa uhakika mkubwa. Ilieleza kwa aya mbili ndefu jinsi mzabuni alivyoisumbua asasi, ikataja hali ya usafiri wa baharini duniani, kisha ikaomba miezi minne ya nyongeza pamoja na shilingi 48,600,000, ambazo ni asilimia 10 kamili ya bajeti. Mhasibu wa asasi ndiye aliyekataa isitoke. Hoja yake ilikuwa kwamba kiasi kinachotokea kuwa asilimia 10 kamili hakionekani kuwa kimetokana na hesabu, na kwamba afisa miradi yeyote wa upande wa mfadhili ataliona hilo kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Barua iliyotumwa hatimaye tarehe 27 Septemba iliomba shilingi 8,600,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili haikutokana na asasi kuamua kuwa na kiasi. Ilitokana na maswali mawili ambayo rasimu ya kwanza haikuyauliza: kati ya wiki 13 hizo, ni ngapi zilizouchelewesha mradi wenyewe, na kati ya gharama zilizozaliwa, ni zipi ambazo mtu mwingine anapaswa kuzibeba kabla ya mfadhili kuombwa?

Tuanze na swali la muda. Kuchelewa kwa mzabuni na kuchelewa kwa mradi ni vitu viwili, ingawa katika barua nyingi vinachanganywa kana kwamba ni kimoja. Katika ratiba ya mradi huu pampu zilitakiwa kufika tarehe 21 Juni, lakini minara ya matangi ilikuwa ikamilike tarehe 19 Julai, na pampu haziwezi kufungwa na kujaribiwa ipasavyo kabla ya tangi kuwa tayari kupokea maji. Kwa hiyo ratiba ilikuwa na nafasi ya wiki nne ambamo pampu zingeweza kuchelewa bila kumwathiri mtu yeyote. Kucheleweshwa kwa kweli kunaanzia tarehe 19 Julai hadi 20 Septemba, nazo ni wiki tisa. Mwandishi anayeomba fidia ya wiki 13 wakati ratiba yake mwenyewe inaonyesha tisa anajiweka mahali pabaya, kwa kuwa ratiba hiyo mfadhili anayo. Iliambatishwa kwenye mkataba siku uliposainiwa.

Wiki tisa kutoka tarehe 31 Desemba zinaufikisha mradi tarehe 4 Machi 2025. Asasi iliomba hadi tarehe 31 Machi, na siku 27 za ziada zilihitaji maelezo yake zenyewe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Katika ratiba ya awali kazi zote za kufunga na kujaribu pampu zingemalizika Oktoba, wakati barabara ni kavu. Ratiba mpya inaisukuma kazi ya majaribio na mafunzo ya kamati za maji hadi Desemba, wakati wanakijiji wako mashambani na barabara ya kijiji kimojawapo haipitiki kwa lori baada ya mvua kubwa. Lipo na jambo lingine ambalo asasi nyingi huliacha, nalo ni kwamba miezi miwili ya mwisho ya mradi ilitengwa kwa ajili ya kupima kiasi cha maji kinachochotwa na fedha zinazokusanywa kwenye vituo. Wakati wa mvua watu huchota kwenye madimbwi na visima vifupi vya msimu, na mawingu nayo hupunguza maji yanayosukumwa na pampu za sola. Kwa hiyo takwimu za Januari na Februari peke yake zingeonyesha mradi usiotumika. Siku 27 hizo hazikutosha kuufikia ukavu, lakini ziliongeza kipindi cha upimaji, na barua ilikiri wazi kwamba sehemu hii ya ombi inatokana na mvua, ambayo mzabuni hakuileta ila aliusukuma mradi hadi ndani yake.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linahitaji kumchunguza mzabuni badala ya kumlaumu. Tarehe 3 Juni mzabuni aliandika kwamba meli iliyobeba pampu kutoka Ulaya imelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu, na kwamba hilo ni tukio lisilozuilika linalomwondolea wajibu. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Kuanzia Desemba 2023 kampuni kubwa za meli ziliacha kupitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, na mzigo unaotoka bandari za Ulaya kuja Dar es Salaam ulichukua njia ndefu zaidi. Lakini msomaji makini atauliza mambo mawili. Kwanza, paneli za sola zilitoka China, na meli inayotoka China kuja Dar es Salaam inavuka Bahari ya Hindi bila kuikaribia Bahari ya Shamu. Kisingizio hicho basi hakiwezi kuzihusu paneli hata kidogo. Pili, mkataba na mzabuni ulisainiwa Machi 2024, miezi mitatu baada ya njia hiyo kubadilika, kwa hiyo mtu aliyeahidi wiki 14 aliahidi huku akijua hali ilivyo.

Asasi ilipopokea vifaa ilidai nakala za hati zote za usafirishaji, na humo ndimo ukweli ulimokuwa. Uthibitisho wa oda kutoka kiwandani ulikuwa na tarehe 9 Mei, wakati malipo ya awali ya asilimia 30 yalikuwa yameingia katika akaunti ya mzabuni tarehe 22 Machi. Karibu wiki saba zilipotea kabla ya oda kuwekwa. Mzunguko wa meli, pamoja na kungoja meli ya kuunganisha, ulichukua takriban wiki tatu. Wiki tatu zilizobaki zilitumika bandarini kwa sababu sehemu ya mzigo ilifika bila cheti cha ulinganifu kinachotakiwa na Shirika la Viwango Tanzania, ikabidi ikaguliwe hapa nchini. Tozo za kuhifadhi mzigo bandarini zilibaki kwa mzabuni, kwa kuwa mkataba ulimtaka afikishe vifaa hadi kijijini. Kama bei ingekuwa ya kuishia bandarini tu, asasi ndiyo ingezilipa, na barua hii ingekuwa na mstari mwingine mzito.

Kutokana na mchanganuo huo asasi ilimkubalia mzabuni wiki tatu za meli na kumtoza kwa wiki kumi. Mtu anaweza kubisha kwamba hata hizo tatu hakustahili, kwa hoja ile ya Machi, na mimi naona kubisha huko kuna nguvu. Hata hivyo asasi ilichagua hesabu ambayo ingeweza kuitetea bila kwenda kwa msuluhishi. Mkataba uliweka fidia ya ucheleweshaji ya asilimia 0.5 ya thamani kwa kila wiki, isizidi asilimia 10. Wiki kumi ni asilimia 5 ya shilingi 162,000,000, yaani shilingi 8,100,000. La muhimu kwa barua ni kwamba asasi ilikuwa bado imeshikilia asilimia 10 ya mwisho ya malipo, ambayo hulipwa baada ya majaribio, kwa hiyo fidia hiyo ilikuwa ni kukata fedha zilizo mkononi. Kama malipo yote yangekuwa yamekwisha kutolewa, shilingi 8,100,000 zingekuwa deni la kudaiwa, na si haki kumwonyesha mfadhili deni kana kwamba ni akiba.

Baada ya hapo hesabu ya ombi inakwenda kwa utulivu. Gharama za nyongeza kwa miezi mitatu ya Januari hadi Machi 2025 zilikuwa mishahara ya mhandisi na msimamizi wa kazi, shilingi 12,600,000. Gari na mafuta, shilingi 3,300,000. Walinzi wa maeneo matatu, shilingi 1,800,000. Kuhuisha bima na dhamana ya mkandarasi wa ufungaji, shilingi 900,000. Na kumrudisha mkandarasi huyo pamoja na kreni yake, shilingi 5,500,000. Jumla ni shilingi 24,100,000. Zikatolewa fidia ya mzabuni, shilingi 8,100,000. Salio la uchimbaji, shilingi 4,600,000, kwa kuwa kisima kimoja kilipata maji katika kina kifupi kuliko kilichokadiriwa. Na mshahara wa mhandisi wa mwezi Agosti, shilingi 2,800,000, kwa sababu mwezi huo alihamishiwa mradi mwingine uliomlipa. Zilizobaki ni shilingi 8,600,000, chini ya asilimia 2 ya bajeti.

Hilo la mshahara wa Agosti linastahili kutazamwa kidogo. Swali la kwanza la mfadhili katika kesi za namna hii huwa ni watumishi walifanya nini wakati vifaa havijafika, na wengi hulijibu kwa maneno ya jumla kuhusu maandalizi. Asasi hii ilijibu kwa karatasi za mahudhurio na orodha ya mishahara. Jibu la aina hiyo halihitaji sifa yoyote kuwekwa pembeni yake.

Barua yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili na viambatisho vinne. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA MRADI HADI TAREHE 31 MACHI 2025 NA NYONGEZA YA BAJETI YA SHILINGI 8,600,000

Tafadhali rejea mkataba wetu wa ufadhili pamoja na taarifa yetu ya tarehe 12 Juni 2024, ambayo kwayo tulikujulisheni uwezekano wa vifaa vya kusukuma maji kuchelewa.

Tunaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: kusogeza tarehe ya mwisho ya mradi kutoka 31 Desemba 2024 hadi 31 Machi 2025, na kuongeza bajeti kwa shilingi 8,600,000. Idadi ya visima, vijiji na wanufaika haibadiliki.

Vifaa vilivyotakiwa kufika tarehe 21 Juni vilipokelewa tarehe 20 Septemba. Kwa kuwa minara ya matangi ilikamilika tarehe 19 Julai kama ilivyopangwa, ucheleweshaji uliouathiri mradi ni wa wiki tisa. Siku 27 nyingine tunazoziomba zinatokana na kazi zilizosalia kuangukia ndani ya msimu wa mvua, kama inavyoelezwa katika ratiba mpya (Kiambatisho A).

Tumechunguza hati za usafirishaji na kubaini kwamba wiki kumi kati ya 13 zilitokana na uzembe wa mzabuni. Tumemtoza fidia ya shilingi 8,100,000 kwa mujibu wa mkataba wake, na fedha hizo tunazikata katika malipo yake ya mwisho. Fidia hiyo, pamoja na akiba ya shilingi 7,400,000 iliyopatikana ndani ya mradi, tumezitoa katika gharama za nyongeza kabla ya kufikia kiasi tunachokiomba (Kiambatisho B).

Endapo nyongeza ya fedha haitawezekana, tunaomba ombi la muda lifikiriwe peke yake. Katika hali hiyo tutamwondoa msimamizi wa kazi kuanzia mwisho wa Januari na kupunguza safari za ufuatiliaji, na upimaji wa matumizi ya maji utafanyika katika vijiji viwili badala ya vitatu.

Utangulizi wa rasimu ya kwanza ulikuwa na aya nzima ya shukrani na ya hali ya dunia. Hapa ombi linaonekana katika kichwa cha habari na kurudiwa katika aya ya pili, kwa hiyo anayesoma sababu tayari anajua anaombwa nini. Kumbukumbu ya tarehe 12 Juni nayo ina kazi yake. Ilikuwa baruapepe fupi isiyoomba chochote, iliyotumwa siku chache baada ya taarifa ya mzabuni, na bila hiyo mfadhili angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini anasikia habari ya Juni mwishoni mwa Septemba. Neno uzembe, kwa maoni yangu, lingeweza kuachwa. Wiki kumi na fidia zinasema yote, na neno hilo katika barua rasmi linaweza kuja kunukuliwa na mwanasheria wa mzabuni.

Aya ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa zaidi ndani ya asasi. Mkurugenzi aliona kwamba kumwonyesha mfadhili jinsi mradi unavyoweza kuendelea bila fedha ni kumpa sababu ya kuzikataa. Mhasibu aliona kinyume, kwamba maombi ya muda na ya fedha hupita katika madawati tofauti, la muda kwa afisa miradi mwenyewe na la fedha kwa kamati inayokutana mara chache, na kwamba yakifungwa pamoja la kwanza litalingoja la pili hadi Desemba. Mhasibu alishinda, na mambo yalivyokwenda baadaye yalimpa haki.

Mkataba wa ufadhili ulitaka ombi lolote la mabadiliko lifike angalau siku 30 kabla ya kuanza kutumika kwake. Barua ilifika miezi mitatu kabla ya mwisho wa mradi, na afisa miradi alirudi na maswali ndani ya wiki mbili. Aliomba nakala ya uthibitisho wa oda, akauliza kama mzabuni alikuwa ameweka dhamana ya malipo ya awali, na alikuwa ameiweka. Kisha akauliza swali ambalo barua haikuwa imelijibu: mkandarasi wa ufungaji alifika lini kijijini kwa mara ya kwanza?

Alifika tarehe 22 Julai na kreni, akakaa siku tisa bila kazi, akaondoka. Asasi ilikuwa imemwita tarehe 15 Julai, majuma sita baada ya kuambiwa kwamba meli imechelewa, kwa kuwa mzabuni alikuwa ameahidi kwa simu kwamba mzigo unatoka bandarini wiki hiyo. Hakukuwa na hati ya kutoa mzigo wala namba ya lori. Mtu anayesubiri mzigo bandarini huomba kwanza hati inayoonyesha kwamba umeruhusiwa kutoka ndipo amwite mkandarasi. Ahadi ya simu haitoshi. Kwa hiyo gharama ya kumrudisha mkandarasi, shilingi 5,500,000, haikutokana na kuchelewa kwa vifaa. Ilitokana na uamuzi wa asasi wa tarehe 15 Julai, na barua ilikuwa imeificha ndani ya jedwali bila mtu yeyote kukusudia kuificha.

Mfadhili alikubali muda wote ulioombwa kwa barua ya tarehe 18 Oktoba. Kwa upande wa fedha kamati ilikataa shilingi 5,500,000 za mkandarasi na kuidhinisha shilingi 3,100,000. Nadhani uamuzi huo ni wa haki, na nadhani pia kwamba asasi ingeweza kuupunguzia makali kama ingeliandika jambo lenyewe katika barua na kueleza kwamba nusu ya gharama hiyo itabebwa na asasi; kamati hukata nzima kile ilichokigundua yenyewe, na mara nyingi hugawana kile ilichoelezwa.

Mkataba wa nyongeza ulisainiwa mwezi Novemba, ukiwa na sharti kwamba gharama za Januari hadi Machi 2025 zitakubalika tu ikiwa zimeandikwa katika mistari ya bajeti iliyorekebishwa, na kwamba taarifa ya mwisho ya fedha itaonyesha shilingi 8,100,000 kama punguzo katika gharama za vifaa. Mzabuni aliipinga fidia kwa barua moja, akatumiwa nakala ya uthibitisho wa oda wenye tarehe 9 Mei, na hakuandika tena. Asasi ililipia kurudi kwa mkandarasi kutoka mfuko wake wa dharura.